Megapikseli 200 za simu: zinasaidia wakati gani hasa?

Mtu ananunua simu yenye kamera ya megapikseli 200, anapiga picha ya kwanza, anafungua taarifa za faili na kukuta 12 tu. Anaona amepigwa. Wapo pia wanaomwambia namba ile ni mbwembwe za tangazo, asihangaike nayo kabisa. Kila upande una hoja, lakini nionavyo mimi wote wanairuka modi yenye faida kubwa zaidi, ile ya katikati ya megapikseli 50.

Tuchukue kihisi kimoja, yaani kile kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera: ISOCELL HP2 kilichomo kwenye Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023. Kila pikseli yake ina upana wa mikromita 0.6. Kwa udogo huo mwanga unaoingia ni haba, na mwanga ukiwa haba picha hujaa chengachenga. Ndiyo maana simu huzichukua pikseli 16 zilizopangana nne kwa nne na kuzihesabu kama moja yenye upana wa mikromita 2.4. Hapo 200 inakuwa 12 na ushei. Hakuna mwanga uliotupwa, umejumlishwa tu.

Anayebisha anaweza kuuliza: kwa nini nisipige kwa 200 halafu nikaipunguza mwenyewe kwenye kompyuta? Mchana kweupe unaweza, na tofauti itakuwa ndogo. Usiku ni habari nyingine, kwa sababu kila pikseli inaposomwa huongeza chengachenga zake, na kuzisoma kando kando ni kuzikusanya zote. Tena kwenye modi ya kawaida simu hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, kazi ambayo kwenye modi kubwa mara nyingi hupunguzwa au haifanyiki kabisa. Kwa hiyo gizani, ndani ya nyumba, au mtoto akiwa anakimbia, bakia na 12.

Sasa upande wa pili. Tuseme kuna bango lenye herufi za urefu wa milimita 20, nawe umesimama mita 10 kutoka hapo. Lenzi kuu ya simu kwa umbali huo huona eneo lenye upana wa kama mita 14. Kwa modi ya 12, picha ina pikseli 4000 kwa upana, hivyo kila pikseli inabeba milimita tatu na nusu hivi za bango. Herufi moja inapata pikseli tano au sita kwa urefu; utabahatisha kusoma. Kwa modi ya 50, ambapo pikseli nne tu huhesabiwa kama moja, upana ni pikseli 8160, na herufi ile ile inapata karibu 12. Hapo unasoma bila kukodoa macho. Faida hii ni ya kweli, na hakuna ujanja wa kunoa picha baadaye utakaoirudisha kama haikunaswa.

Basi 200 ingetoa 23, si ndiyo? Kwa hesabu, ndiyo. Lakini lenzi yenye uwazi wa f/1.7 kama ya simu hii, hata ingetengenezwa bila kasoro, huitandaza nukta ya mwanga wa kijani ikawa duara la karibu mikromita 2.3. Duara hilo hufunika pikseli mbili za modi ya 50 kwa upana, na karibu nne za modi ya 200. Kihisi kinaongeza pikseli mahali ambapo lenzi haina tena undani wa kutoa. Juu ya hapo, zile pikseli 16 za kundi moja zimefunikwa kwa kichujio cha rangi moja, hivyo simu hulazimika kukisia rangi nyingine kwa kutazama makundi ya jirani. Faili linavimba hadi makumi ya megabaiti, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni makisio.

Kuna wanaofaidi pikseli nyingi bila kugusa modi yoyote. Simu kama iPhone 14 Pro, ukivuta mara mbili, hukata sehemu ya katikati ya kihisi chake cha megapikseli 48 na kukupa 12 kutoka pikseli halisi. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutetea vihisi hivi, ingawa matangazo hupenda zaidi kuitaja ile namba kubwa.

Kuijaribu yako si kazi. Egemeza simu kwenye kitu kisichotikisika, mchana, ielekeze kwenye maandishi madogo yaliyo mbali, upige kwa kila modi. Kisha zikuze picha zote hadi herufi zilingane kwa ukubwa kwenye skrini, ukitazama katikati na pembeni. Kingo za herufi zikiwa safi zaidi, umepata undani. Ukiona michirizi iliyojikunja kama njia za mchwa, au rangi ngeni kwenye kingo, hayo ni makisio. Na herufi zikivutika zote upande mmoja, simu ilitikisika. Rudia kabla hujailaumu modi.