Aliyekula Pilau na Aliyekula Samaki

Ninawaheshimu sana marafiki zangu, ila nimegundua kwamba heshima hiyo hupungua kila mara picha ya bili inapotumwa kwenye kundi letu, ikiwa imepigwa chini ya taa ya manjano, karatasi imejikunja, na kivuli cha glasi kimelala juu ya safu ya bei. Safari hii tulikula wanne katika mkahawa mmoja wa Nairobi, daktari wa meno akalipa yote kwa simu yake, kisha akaandika: "Jumla ni 6,490, tugawane sawasawa." Hiyo ni shilingi 1,622 na senti 50 kwa kila mmoja, na mimi nilikuwa nimekula pilau ya 500 na maji ya 100. Wenye msemo wa "tugawane sawasawa", nimechunguza, kwa kawaida ndio walioagiza samaki.

Nilipopinga, mhasibu wetu alijitwika kazi ya kupiga hesabu kwa haki, nasi tukanyamaza kwa kuamini taaluma yake. Aliona vyakula vyote vinafika 5,900, akaona chini yake VAT ya asilimia 16 ambayo ni 800, tozo ya utalii ya asilimia 2 ambayo ni 100, na ada ya huduma 590, akajumlisha vyote na kupata 7,390. Kwa hesabu hiyo tungemlipa daktari shilingi 900 zaidi ya alizotoa, na daktari, ambaye kwa kawaida ana maneno mengi, hakusema lolote.

Mistari ile ya kodi haiongezi kitu. Bei zilizo kwenye menyu huku kwetu kwa kawaida huwa zimekwisha kubeba kodi, na risiti inaonyesha tu kwamba ndani ya 5,900 kuna 5,000 za mkahawa na 900 za serikali. Kulijua hilo hakuhitaji shahada: jumlisha bei za vyakula, ongeza ada ya huduma, na ukifika penye jumla ya mwisho bila kuigusa kodi, basi kodi imo ndani, kila mtu ameilipa kwa kadiri ya alichokula, na haina haja ya kugawanywa tena. Jumla isipofika, na pengo likalingana na kodi, hapo ndipo kodi iko nje nayo itagawanywa.

Kilichobaki nje kwetu kilikuwa ada ya huduma peke yake, na hapo mwenzetu wa bima, mla samaki, akapendekeza kwa sauti ya upatanishi kwamba angalau hiyo tuigawe kwa nne, shilingi 147 na senti 50 kila mmoja. Ada hiyo ilikuwa asilimia 10 ya vyakula, kwa hiyo mimi wa 600 ninadaiwa 60. Kunitoza 147 ni kunitoza karibu robo ya chakula changu, utadhani pilau yangu ililetwa na wahudumu wawili na mpiga tarumbeta.

Basi nikachukua kalamu. Sinia ya mishikaki ya 900 tuliwagawia watatu walioila, 300 kila mmoja, kisha tukaongeza vya mtu binafsi: mimi 600, mhasibu 1,500, daktari 1,800 pamoja na keki (daktari wa meno, naam), na wa bima 2,000. Jumla ya vyakula inageuka kuwa jumla ya bili ukiizidisha kwa 1.1, kwa hiyo kila mtu naye anazidishiwa hiyohiyo: 660, 1,650, 1,980 na 2,200. Zijumlishe, utapata 6,490 kamili.

Kujumlisha huko kwa mwisho ndiko kulikomwokoa wa bima, kwa sababu hapo awali simu yake ilikuwa imesoma juisi yake ya 300 kuwa 800, na vyakula vikafika 6,400. Ziada ilikuwa 500 bila senti, nami nikatafuta mstari mmoja ambao ungeweza kukosewa kwa 500, nikaukuta palepale penye kivuli cha glasi. Mistari miwili ikikosewa kwa pamoja, msako huo hautoshi, na itabidi aliye na karatasi aipige picha upya.

Shukrani niliyopata ni kwamba mhasibu aliniita bahili. Wa bima naye alituma 2,000, akaeleza kwa maandishi marefu kwamba mhudumu alichelewa kuleta ndimu, hivyo ada ya huduma yeye ameizuia. Daktari amemkumbusha kwamba mkahawa ulikwisha kuichukua ada hiyo siku ileile, na kwamba anayezuiliwa zile 200 ni yeye. Wa bima ameusoma ujumbe huo, kisha akauliza Jumamosi tunakula wapi.