Mzee Anaposimama: Kadi Inayouliza Mwendo, Si Jina

"Nina kadi zaidi ya mia mbili, upande mmoja jina, upande wa pili maana yake, na zote nimezihifadhi. Mtihani ukiuliza kwa nini, nakwama. Nizitupe?" Ni swali la mwanafunzi wa uuguzi hapa Lamu.

Usizitupe. Asiyejua aota ni nini hawezi kueleza chochote kinachotokea ndani yake, na kadi ya maana hujibiwa kwa sekunde chache, tena kujisahihisha hakuna utata. Lakini tazama inakoishia. Kadi inauliza baroreseptor ni nini. Jibu ni vipokezi vya shinikizo la damu katika kuta za ateri karotidi na upinde wa aota. Anayejibu hivyo, bila kukosea neno, bado anaweza kuamini kwamba shinikizo likishuka vipokezi hivyo husisimka na kupigia ubongo kelele. Kosa hili nimelikuta kwa wanafunzi hodari kabisa. Ukweli ni kinyume chake: vipokezi huhisi kutanuka kwa ukuta, hivyo shinikizo likishuka ukuta hulegea, ishara hupungua, na ni kupungua huko ndiko ubongo unakokusoma.

Sasa andika kadi kuhusu mzee aliyeinuka ghafla kitandani kwenda kuswali alfajiri. Nusu lita ya damu, pengine zaidi, imeshuka miguuni na tumboni. Kadi ya kwanza iulize damu inayorudi moyoni inaongezeka au inapungua, na shinikizo linafuata upande gani. Ya pili iulize ishara za baroreseptor zinafanyaje. Ya tatu iulize neva vagasi na simpathetiki zinaitikiaje: vagasi hulegeza breki yake juu ya moyo, simpathetiki huongeza msukumo wake, mapigo yanaongezeka na mishipa midogo inabana. Ya nne, ninayoipenda kuliko zote, imweke mzee huyo huyo kwenye atenolol, dawa ya kushusha shinikizo la damu. Mapigo yake hayatapanda ipasavyo, ingawa mishipa bado itabana, kwa kuwa yenyewe hupokea amri hiyo kupitia vipokezi vya alfa, na atenolol huziba vya beta.

Wanaozipinga kadi hizi wana hoja: zinakula muda kuziandika, na mnyororo wote ukirundikwa kwenye kadi moja, mwanafunzi hukumbuka nusu akajipa alama zote. Ndiyo maana nasisitiza hatua moja kwa kila kadi. Hofu yao nyingine ni nzito zaidi, kwamba hata jibu la "kwa nini" huweza kukaririwa kama shairi. Utalijua hilo ukijikuta unajibu kabla hujamaliza kusoma swali. Hapo geuza hali: mzee amerudi kulala. Aliyeelewa atasema, bila kadi mpya, kwamba damu inayorudi moyoni inaongezeka, ukuta unatanuka, ishara zinazidi na mapigo yanashuka. Aliyekariri atakusimulia tena habari za kusimama.