Picha ya Kufunika: Kuficha Kikohozi au Kuficha Neno

Mahojiano ya filamu ya makala yanaporekodiwa kwa kamera moja, kila mkato katikati ya jibu hukifanya kichwa cha msemaji kiruke ghafla kwenye skrini. Dawa iliyozoeleka ni kuufunika mruko huo kwa picha nyingine huku sauti ikiendelea. Wapo wanaoona kufunika huko ni ufundi wa kawaida, na wapo wanaotaka mruko uachwe wazi ili mtazamaji ajue kuwa kuna kilichotolewa.

Tuchukue mfano wa fundi majahazi wa Nungwi, Unguja, anayeambiwa: “Tueleze vijana wanavyojifunza kazi hii.” Swali limeandaliwa vizuri, kwani haliwezi kujibiwa kwa “ndiyo”, na kwa kuwa sauti ya mwulizaji itaondolewa, fundi ameombwa alitaje jambo lenyewe anapoanza. Anajibu: “Vijana nawafundisha mwenyewe. Walikuwa wanane, sasa wamebaki wawili. Lakini Mungu akipenda, kazi haitapotea.” Katikati amekohoa na kurudia maneno.

Kikohozi na marudio vikiondolewa, fundi hajapunjwa chochote, na picha ya mikono yake ikikalafati, yaani ikishindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao, inafunika mkato bila kumdhulumu. Picha hizo ni bora zipigwe baada ya mahojiano, mpiga picha akiwa ameshasikia yaliyotajwa, na kila moja ishikiliwe walau sekunde 10, kwani ikiwa fupi itaisha kabla ya mkato na mruko utaonekana.

Tatizo ni kwamba mikono hiyohiyo inaweza kufunika kuondolewa kwa sentensi ya pili. Hapo tutasikia: “Vijana nawafundisha mwenyewe. Mungu akipenda, kazi haitapotea.” Kila neno ni lake, lakini hofu yake imefutwa. Wanaotaka mruko uachwe wazi wana haki kabisa hapa, ingawa sikubaliani nao kila mahali, maana mruko ulioachwa juu ya kikohozi humfanya mtazamaji ashuku hila ambayo haipo.

Sikio huweza kumfichua mhariri, kwa sababu picha haifuniki sauti: nyundo zilizokuwa zikigonga hukatika ghafla, au sentensi huisha kwa sauti iliyopanda kana kwamba inaendelea. Ndiyo maana hurekodiwa sekunde 30 za sauti ya mahali penyewe bila mtu kusema, zikatandazwa chini ya pale vipande viwili vya sauti vinapoungana. Lakini dawa hiyo huunyoosha hata mkato wa hila, kwa hiyo mpaka hauwezi kuwekwa na ufundi peke yake.

Mimi ningeuweka kwenye maandishi ya mahojiano yote: kama kilichotolewa kina idadi, jina au sababu ya “lakini” inayofuata, kirudishwe. Sentensi ya fundi inahitaji sekunde chache tu, na picha yake ipo palepale ufukweni, ya vijana wawili kando ya jahazi moja.