Ndiyo, Hapana, Hapana

Nikiwa ugenini, zikiwa zimebaki siku nne nipande ndege ya kurudi, nilimwandikia rafiki yangu aliye nyumbani, ambaye ana tabia njema ya kusoma maandishi madogo ambayo mimi huyaruka. Nilimwuliza mambo matatu: je, nifute chumba nilichokiweka katika nchi jirani kwa usiku wa kesho, je, mashine ya kutolea pesa ikinitaka nikatwe kwa sarafu ya nyumbani, nikubali, na je, viza yangu ya Shengeni, kundi la nchi za Ulaya ambalo nchi hiyo jirani haimo, viza ambayo nilimtumia picha yake, itaniruhusu kutoka na kuingia tena?

Kisha nikaona si vyema chumba kuitangulia viza, nikaufuta ujumbe na kuuandika upya: viza ya kwanza, chumba cha pili, mashine ya tatu. Sikujua kwamba ule wa mwanzo alikuwa ameshausoma. Saa nne asubuhi jibu likaja: "La kwanza ndiyo, la pili hapana, la tatu hapana. Safari njema, ndugu yangu."

Basi chumba sikukifuta, ingawa hoteli ilinipa hadi saa sita mchana kufanya hivyo bila malipo. Kwenye mashine nilikataa, nikaiachia benki yangu ibadilishe fedha yenyewe, kwa kuwa kiwango cha mashine huwa kimeongezewa faida. Hilo ndilo jambo pekee nililolipatia, na nililipatia kwa bahati.

Kesho yake, mpakani, ofisa wa uhamiaji alishika muhuri, akaniuliza nitarudi lini. Nilipomjibu kuwa ni keshokutwa, aliuweka muhuri chini na kunionyesha kwa kidole sehemu ya idadi ya kuingia, iliyoandikwa 01. Kwa upole wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi, alisema kwamba mwenye kuingia na kutoka apendavyo huandikiwa MULT, na kwamba ile moja yangu niliitumia siku niliyoshuka kwenye ndege. Nilimwonyesha kuwa tarehe ya mwisho ilikuwa bado mbali. Akasema tarehe haiongezi mlango. Na ndege yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa upande huu.

Nilishusha begi, basi likaondoka, na hoteli ikanikata malipo ya usiku mzima.

Nilimpigia rafiki yangu kwa hasira. "Nilikwambia ufute chumba," alisema, "kwa sababu ukitoka hurudi. Ulifikiri nakwambia nini?"

Asubuhi iliyofuata hoteli iliniandikia kwa adabu, ikitaka kujua kama nimelala vizuri. Nikampelekea rafiki yangu ujumbe huo, nikamwuliza nijibu nini.

Akaandika: "Hili ni la ngapi?"