Sahihi nne za safari ya Njombe

Safari yenyewe ni ya siku mbili, kutoka Iringa mjini kwenda kwa wakulima wa parachichi Njombe, na masurufu yanayoombwa hayafiki laki tatu. Dokezo la kuyaomba lilichukua siku tisa za kazi. Nililifuatilia faili hilo meza kwa meza katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikiandika lilipoingia na lilipotoka.

Kuandika dokezo kulichukua dakika 15, mkuu wa idara kusaini 5, mhasibu kuangalia kifungu cha bajeti 20, mkaguzi wa ndani 20, mkurugenzi 5, na kuandaa hati ya malipo 25. Jumla ni dakika 90. Siku tisa za saa nane ni saa 72, kwa hiyo faili lilifanyiwa kazi kwa takriban asilimia mbili tu ya safari yake. Kwingine kote lililala. Toyota, ambako Taiichi Ohno alipanga aina saba za upotevu, kila upotevu huitwa *muda*. Ni Kijapani, lakini Mswahili hahitaji tafsiri.

Watumishi wengi wa ofisi ile wana jibu moja: mkaguzi aondolewe. Mhasibu ameshajumlisha posho na nauli, naye mkaguzi anajumlisha zilezile. Hoja hii ina nguvu, tena kuna ubaya wake ambao hausemwi sana. Watu watatu wanapokagua hesabu moja, kila mmoja huegemea mwenzake. Mkuu wa idara aliniambia bila kificho kwamba hajumlishi, kwa sababu "uhasibu wataona".

Upande wa pili nao si wa kubeza. Sahihi nyingi katika ofisi zetu zilizaliwa baada ya fedha kupotea. Mwandaaji wa malipo hapaswi kuwa ndiye anayeyathibitisha, na katika ofisi ya umma kikao cha idara hakiwezi kufuta sahihi iliyowekwa na kanuni za fedha. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila msaini ni hili: unatafuta kosa gani, na mara ya mwisho umelikuta lini? Mhasibu alijibu kwamba anatafuta kifungu chenye fedha. Mkaguzi alitaja mambo mawili: jumla, na kama mwombaji amesharejesha masurufu ya safari iliyopita. Jumla ni marudio ya kazi ya mhasibu. La marejesho halifanywi na mwingine yeyote, na ndilo lililowahi kuzuia malipo. Kumwondoa mkaguzi mzima mzima kungeondoa vyote viwili.

Isitoshe, hata akiondoka, sehemu kubwa ya kusubiri inabaki. Mezani kwake nilihesabu mafaili 12, naye humaliza sita kwa siku. Linaloingia leo litasubiri siku mbili, hata angekuwa mwepesi kiasi gani kwa faili moja. Kwa mkurugenzi ilikuwa siku tatu kwa kazi ya dakika tano, kwa sababu mafaili hupelekwa kwake Jumanne na Ijumaa tu. Dokezo likimkosa Jumanne mchana, hakuna wa kulaumiwa na hakuna kinachokwenda. Kumpelekea kila asubuhi hakugusi udhibiti wowote.

Mimi ningeanzia kwingine kabisa, kwenye kurudishwa. Kati ya madokezo 40 ya nyuma niliyoyapekua masjala, 14 yalirudishwa na mhasibu, mengi kwa kukosa namba ya kifungu au barua ya mwaliko. Lililorudishwa huanza foleni upya, tena kwa mkuu wa idara. Hapa mhasibu na mwombaji hulaumiana, ilhali mwombaji hana mahali pa kuiona namba ya kifungu. Orodha iko kwenye kompyuta ya uhasibu. Orodha hiyo ikibandikwa idarani, na nafasi ya namba ikiwekwa juu ya dokezo, masjala watagundua pengo kabla faili halijapanda ngazi. Ukitaka kujua kama imesaidia, hesabu tena madokezo 40 yanayofuata.

Pendekezo la kwamba masurufu madogo yapite bila mkaguzi, kisha akague baadhi baadaye, nalikubali kwa shingo upande. Marejesho yangebaki lazima, labda yaangaliwe na mhasibu kwenye daftari lake. Shida ni kwamba ukiweka kikomo cha laki tatu, safari ya laki tano huzaa madokezo mawili ya laki mbili na nusu. Dalili yake haijifichi: panga madokezo ya mwezi kwa jina la mwombaji, kisha kwa tarehe. Mawili ya mtu mmoja, njia moja, wiki moja, ndiyo ya kufungua kwanza.