Samaki wa Ziwa Victoria na kesi ambayo haikufunguliwa

"Kama sheria ya biashara ya dunia inakataza kubaguana, mbona serikali haikuwapeleka Wazungu mahakamani walipofunga samaki wetu?" Swali hili niliulizwa na mama mmoja anayeuza samaki Mwaloni Kirumba, ambaye alikuwa binti mdogo wakati soko hilo liliponyamaza.

Hapa Mwanza jibu lililozoeleka ni kwamba tuliogopa. Hofu ilikuwepo, na nitairudia, lakini naamini wanaolijibu hivyo hawajaikokotoa kesi yenyewe kwa tarehe. Ukiikokotoa, uamuzi wa kutokwenda Geneva, kwenye makao ya Shirika la Biashara Duniani, unaonekana kuwa wa watu waliojua hesabu zao.

Mwishoni mwa Desemba 1997, kipindupindu kikiwa kimeenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Mjomba wangu wakati huo alikuwa na mitumbwi miwili kisiwani Ukerewe. Boti la wakala lililokuwa likija na barafu kuchukua sangara lilikoma kuja, na nyavu alizokopeshwa na wakala huyohuyo bado zilikuwa deni. Sangara waliotakiwa kupelekwa kiwandani kukatwa minofu waliishia kupasuliwa, kutiwa chumvi na kubanikwa, kisha kuuzwa kwa bei ambayo haikulipa hata mafuta ya injini.

Kisheria tulikuwa na hoja nzito. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hatua za afya ya binadamu, wanyama na mimea unadai kwamba kizuizi cha namna hiyo kisimame juu ya ushahidi wa kisayansi, na Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa kufungia chakula cha nchi yenye kipindupindu si njia mwafaka ya kuuzuia ugonjwa huo. Sangara hupikwa kabla ya kuliwa, na moto wa jikoni huua vimelea vya kipindupindu.

Hoja ya ubaguzi ni nyembamba zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya. Kanuni ya kale ya mfumo huu, iliyomo katika ibara ya kwanza ya mkataba wa biashara na ushuru wa 1947, inasema kwamba nafuu yoyote unayompa mshirika mmoja uwape mara moja na washirika wengine wote kwa bidhaa inayofanana. Kwa upande wa afya, kanuni hiyo inavaa sura nyingine: inakataza kubagua kiholela kati ya nchi ambazo hali zao ni sawa au zinafanana. Kwa hiyo wakili wetu asingeshinda kwa kusema tu kwamba tumefungiwa. Angelazimika kuitaja nchi nyingine iliyokuwa na kipindupindu na iliyouza samaki Ulaya, athibitishe kwamba hali yake na yetu zilifanana, kisha aonyeshe kwamba samaki wake waliendelea kupita. Bila nchi ya kujilinganisha nayo, neno ubaguzi linabaki kuwa malalamiko.

Ulaya nao wasingekosa la kusema. Mkataba huohuo wa hatua za afya unaruhusu hatua ya muda pale ambapo ushahidi wa kisayansi hautoshi, mradi anayeichukua aendelee kuutafuta na kuipitia hatua yake upya ndani ya muda unaofaa. Kabla ya hapo, mwaka huohuo wa 1997, Hispania ilikuwa imekuta bakteria wa salmonela katika samaki wa ziwa hili, na mialo yetu mingi ilikuwa ya kushushia samaki mchangani, bila sakafu ya saruji wala maji safi ya bomba. Mtu mwadilifu hawezi kuyafuta hayo.

Hata hivyo, tuseme kesi ilikuwa yetu. Tuchukulie kwamba Tanzania iliomba mashauriano na Umoja wa Ulaya, ambayo ndiyo hatua ya kwanza ya kesi, Jumatatu tarehe 5 Januari 1998. Kwa mgogoro wa kawaida, siku 60 hupita kabla ya kuruhusiwa kuomba jopo la kuamua kesi, lakini kwa bidhaa inayooza haraka sheria inazipunguza hadi 20, na samaki mbichi ni mfano usiobishaniwa. Tungefika tarehe 25 Januari. Ombi la jopo hupelekwa katika kikao cha wanachama wote, ambapo mshtakiwa anaweza kulikataa mara ya kwanza, na jopo huundwa katika kikao kinachofuata. Hapo ni Machi. Kuwapata majaji watatu ambao pande zote zinawakubali kungetufikisha Aprili. Jopo la dharura linatakiwa kujitahidi kutoa taarifa yake ndani ya miezi mitatu, yaani mwanzoni mwa Julai, na bado kuna rufani ya hadi siku 90, halafu muda wa utekelezaji ambao aliyeshindwa hupewa.

Kizuizi kiliondolewa mwishoni mwa Juni 1998. Tungekuwa bado tunasubiri taarifa ya kwanza ya jopo.

Na hata kama tungeshinda, hapa ndipo penye jambo ambalo kila ninapolisoma linaniuma. Amri ya jopo huelekea mbele tu. Humtaka aliyevunja mkataba airekebishe hatua yake, lakini haimwamuru alipe hasara ya miezi iliyopita, na nchi iliyokiuka kwa miezi sita kisha ikaacha haidaiwi chochote. Akikaidi, silaha ya mwisho ya mshindi ni kusimamisha nafuu za biashara alizompa, kwa mfano kupandisha ushuru wa bidhaa za mkaidi. Tanzania ingepandisha ushuru wa mashine na dawa kutoka Ulaya, na bei ingelipwa na sisi wenyewe. Tena wakati huo samaki wetu waliingia Ulaya bila ushuru kwa hisani ya Mkataba wa Lome kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, na hisani humfunga mtu mdomo. Hiyo ndiyo hofu niliyoitaja. Mjomba alilimaliza deni la nyavu mwaka uliofuata kwa kuuza mtumbwi mmoja, na hakuna kifungu ambacho kingemrudishia mtumbwi huo.

Tulichofanya badala yake hakisimuliwi sana. Tanzania ililipeleka suala hili katika kamati ya hatua za afya huko Geneva mwaka 1998, ambako Ulaya ilitakiwa kujitetea mbele ya wanachama wote kwa lugha ya sayansi. Huku nyumbani ukaguzi ulibanwa, na maabara ya samaki ya Nyegezi ikawa sehemu ya safari ya kila shehena. Mwaka 1999 ulipokuja mzuio mwingine kwa sababu ya sumu iliyotumiwa kuvulia samaki, nchi tatu za ziwa hazikufunguliwa siku moja. Kila moja ilipimwa kwa dhamana ya wakaguzi wake ingawa maji ni yaleyale.

Nchi moja tu miongoni mwa zile maskini kabisa imewahi kufungua kesi: Bangladesh, dhidi ya India, mwaka 2004, kuhusu ushuru wa ziada kwenye betri. Haikufika kwenye jopo. India iliuondoa ushuru huo Januari 2005, baada ya mashauriano. Bangladesh ilisaidiwa na kituo cha ushauri wa kisheria kilichoanza kazi Geneva mwaka 2001 kwa ajili ya nchi kama zetu, kituo ambacho mwaka 1998 hakikuwepo. Tangu Desemba 2019 Baraza la Rufani la Shirika la Biashara Duniani halina wajumbe wa kutosha kusikiliza kesi, na aliyeshindwa anaweza kukata rufani isiyo na wa kuiamua, hivyo hatua hizo za mwanzo, barua ya mashauriano na swali ndani ya kamati, ndizo ambazo wizara ingezitumia kwanza kama shehena ya minofu ya Mwanza ingerudishwa kesho.