Vijiti kwanza au wima kwanza? Hesabu ya 38 + 25 mezani

Hesabu za wima zinapokaribia, walimu wa Darasa la Pili hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto asiguswe na wima mpaka awe amefunga vijiti kumi kumi na kuzizoea nafasi za makumi na mamoja kwa mikono yake. Wengine wanaona vijiti vinakula vipindi bure. Kwao, mtoto aliyekwisha kukariri jumla ndogo mpaka 9 + 9 anahitaji kanuni tu: anza kulia, andika mamoja, peleka moja kwenye makumi.

Wa kanuni wana haki kwa kiasi fulani, maana wengi waliofundishwa hivyo hupata majibu sahihi. Lakini watazame wanaokosa. Katika 38 + 25, mmoja anaandika 513: amejumlisha 8 na 5 akapata 13, amejumlisha 3 na 2 akapata 5, akaviweka bega kwa bega. Mwingine anaandika 53, amesahau kupeleka. Wa tatu anaandika 81, kwa sababu ameandika 1 ya kwenye 13 akapeleka 3. Wote watatu wanajua kujumlisha, ila hakuna aliyeshtuka kuona jibu lake. Yule wa 513 ameunganisha namba mbili ambazo kwa pamoja hazifiki hata mia, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

Kwa vijiti, kosa la 513 ni gumu kutokea. Mtoto anaweka mafungu matatu na vijiti vinane, chini yake mafungu mawili na vijiti vitano. Akikusanya anapata mafungu matano na vijiti kumi na vitatu. Anahesabu kumi, anavivisha mpira, anavisogeza upande wa mafungu. Mafungu yamekuwa sita na vijiti vilivyobaki ni vitatu. Ile “peleka moja” ameifanya mwenyewe, na akiwa na shaka atafungua fungu ahesabu. (Vipete vilivyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli vinafaa kuliko kamba, kwa sababu vidole vya miaka saba vinahangaika sana na fundo.) Majina yetu ya namba nayo yanaongeza haja ya kazi hii. Kumi na saba inajieleza, lakini thelathini haimwambii mtoto kwamba kuna kumi tatu ndani yake. Ndiyo maana inasaidia, kwa wiki za mwanzo, aseme “makumi matatu na mamoja manane” huku akiyagusa.

Hata hivyo vijiti vinaweza kumdanganya mwalimu. Mtoto anaweza kufungua mafungu yote, akamwaga vijiti mezani na kuhesabu moja, mbili, tatu mpaka sitini na tatu. Jibu ni sahihi na mwalimu anaweka vema, kumbe makumi hayakutumika popote. Utamjua kwa midomo inayocheza na kwa vipete vilivyozagaa. Mtafiti wa Marekani Constance Kamii alieleza jaribio jepesi la kumbaini mtoto wa namna hii. Mtoto anaandika 16 kwa vitu kumi na sita vilivyo mbele yake, kisha anaulizwa ile 1 inaonyesha vitu vingapi. Wengi wa madarasa ya chini walionyesha kimoja. Kamii alikwenda mbali zaidi, akataka kanuni ya wima isifundishwe kabisa katika miaka ya mwanzo, akisema inamzoeza mtoto kuiona kila tarakimu kama kitu kinachojitegemea.

Upande wa pili una kazi ya Lauren Resnick na Susan Omanson ya mwaka 1987. Waliwachukua watoto waliokuwa wakikosea hesabu za kutoa kwa kuazima, wakawapitisha hatua kwa hatua kwenye vipande vya makumi na mamoja, kila hatua ikioanishwa na maandishi. Walipoachwa na kalamu, wengi walirudia makosa yale yale. Wanaopinga vifaa wanapenda kuutaja utafiti huu, na kweli unavunja imani kwamba kushika kitu kunatosha. Ila watoto wale walikuwa wamekwisha kuzoea kanuni mbovu kabla ya kuletewa vifaa. Kwangu unaonya zaidi dhidi ya kuvifanya vijiti dawa ya baadaye kuliko dhidi ya kuvitanguliza.

Shida ninayoiona kubwa zaidi haizungumzwi sana. Mikono na kalamu haziendi upande mmoja. Mpe mtoto vijiti bila maelekezo, naye ataanza na mafungu kwa sababu ndiyo makubwa: matano, halafu kumi na tatu, halafu anafunga fungu la sita. Wima inamtaka aanze kulia, na mbele ya vijiti sharti hilo halina sababu yoyote. Sababu yake iko kwenye karatasi tu, kwamba ukianza na makumi utaandika 5, kisha itakubidi uifute uandike 6. Kwa hiyo kabla ya kanuni fupi kuna maandishi ya kati yanayofuata kile mikono ilichokiona:

```
   38
 + 25
 ----
   50
   13
 ----
   63
```

Huku mtoto anaweza kuanza upande wowote na asiharibu kitu. Akishayazoea, kuikunja hiyo 13 ibaki 3 chini na alama ndogo ya 1 juu ya makumi kunakuwa ufupisho wa kitu anachokifahamu. Maandishi haya yaanze siku ya kwanza ya vijiti, karibu na vijiti vyenyewe. Wanaosubiri muhula uishe ndipo wageukie ubao wanajenga masomo mawili yasiyojuana.

Hapo ndipo vizibo vya soda vinapopata kazi yao, nayo si ile ya vijiti. Kizibo hakifungiki. Kikiwa kwenye safu ya mamoja ni moja, kikisogezwa safu ya makumi ni kumi, kama tarakimu ilivyo. Kwa 38 + 25 mtoto ana vizibo kumi na vitatu upande wa kulia. Anaondoa kumi na kuweka kimoja tu kushoto. Aliyeanza na vizibo moja kwa moja anahisi ameibiwa tisa. Aliyetoka kwenye vijiti anajua fungu limekwenda wapi. Tahadhari moja: usitumie vyekundu kwa makumi na vyeupe kwa mamoja. Mtoto atasoma rangi badala ya nafasi, na kwenye daftari rangi hazipo.

Hoja ya muda na idadi bado imesimama. Darasa la watoto 90 likikaa watatu watatu lina vikundi 30, na kila kikundi kikihitaji vijiti 100 ili kufanya jumla zisizofika mia, unazungumzia vijiti 3,000 vya kuhesabu, kufunga na kukusanya kabla kengele haijalia. Vizibo 36 kwa kikundi vinatosha, yaani 1,080 kwa darasa zima. Ningefupisha vijiti viwe vya wiki chache na kuacha vizibo viendelee, hasa kwa sababu mamia yakifika, vijiti havibebeki tena. Kuhusu nani aachane na vijiti, swali la Kamii linatosha: mwonyeshe ile 1 aliyoiandika juu ya makumi, umwambie akupe vijiti vyake. Akikupa fungu, aendelee na daftari. Akikupa kijiti kimoja, arudi mezani hata kama daftari lake lote lina vema. Katika darasa la 90 huwezi kumuuliza kila mtoto kwa siku moja, kwa hiyo anza na wale wanaomaliza haraka kuliko wote, maana hao ndio ambao hakuna anayewashuku.